Kukagua barua rasmi kabla ya kuipeleka: barua ya mtaro, mstari kwa mstari

Kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala kiko mjini Mombasa, si mbali na Mwembe Tayari. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikipiga mabati, aliingia kijana ambaye ni katibu wa kikundi cha vijana mtaani kwao. Barua alikuwa nayo kwenye simu. Alitaka niichape tu, kwa kuwa, kama alivyoniambia, "maneno yote yamo, mwalimu."

Hii hapa kama ilivyokuja:

> Kwa Mheshimiwa bosi,
>
> Shikamoo. Natumai u mzima na unaendelea vyema na kazi. Sisi kama vijana wa hapa mtaani tuko na shida ya mtaro. Venye mvua inanyeshanga, hiyo maji inaingia kwa nyumba za watu hadi madrasa. Tulienda tukaongea na watu wa kanjo wakatuambia tu eti watatucheki. Wazee hawatoki juu ndia haipitiki. Tunataka mkuje mzibue hiyo mtaro haraka iwezekanavyo, la sivyo tutajua la kufanya.
>
> Asante.
>
> Vijana wa mtaa

Mambo yalikuwa ya kweli na shida yao ilikuwa kubwa. Lakini barua kama hii ikifika mezani kwa afisa, haina tarehe, haina jina la wa kujibiwa, na mwishoni ina kitisho. Nitaonyesha nilivyoikagua pamoja naye, kwa utaratibu ninaoutumia kila siku. Utaratibu huo una mpangilio wake. Wengi huanza kwa kuwinda maneno ya mtaani, wakamaliza nusu saa wakisafisha sentensi ambazo baadaye hufutwa zote. Mimi huanza na jambo lenyewe, kisha sura ya barua, kisha heshima. Maneno huja mwisho.

Kwanza: isome kwa sauti bila kushika kalamu

Nilimwomba anisomee mwenyewe. Mtu akisoma barua yake kwa sauti, utasikia anapoharakisha, anapojikwaa na anapoona haya. Alipofika kwenye "tutajua la kufanya" alishusha sauti. Pale pale nikajua hata yeye hakupendezwa nayo.

Baada ya kusoma nilimuuliza mambo matatu. Nani anaandika? Nani atasoma? Atakayesoma afanye nini? Jibu la swali la tatu lilikuwa katika sentensi ya mwisho kabisa ya barua, baada ya malalamiko yote. Hilo ni kosa kubwa kuliko neno lolote la Sheng. Afisa ana rundo la barua, na akisoma mistari mitatu bila kuona anachoombwa, ataweka pembeni. Ombi likae katika aya ya kwanza.

Kisha nikamtaka anipe vitu vya kupima. Mtaro umeziba kwa urefu gani? Hatua kama 80, alisema, kuanzia madrasa hadi ukuta wa shule ya msingi. Nyumba ngapi? 14. Tangu lini? Maji yalianza kuingia tarehe 22 Aprili. Ofisini mlikwenda lini, na wangapi? Watu wawili, tarehe 28 Aprili. Yote haya alikuwa anayajua, ila hakuyaandika kwa sababu mtaani kila mtu anayajua. Andika majibu hayo pembeni mwa karatasi kabla hujagusa lugha, kwa sababu tarakimu hizi ndizo zitakazochukua nafasi ya "haraka iwezekanavyo" na "shida kubwa sana".

Aliniuliza pia kama haingekuwa bora aandike kwa Kiingereza ili achukuliwe kwa uzito. Nilimwambia Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Barua ya Kiswahili ina haki ya kupokewa na kujibiwa. Uzito wake utatokana na namna ilivyoandikwa.

Pili: sura ya barua, kutoka juu hadi chini

Hapa sikawii, kwa kuwa sura ya barua rasmi ni ile ile tuliyofunzwa shuleni. Weka kidole juu ya karatasi ukishushe taratibu, ukiuliza kila kipande kama kipo na kama kiko mahali pake.

Juu kabisa, upande wa kulia, ni anwani ya mwandishi: jina la kikundi, sanduku la posta, mji. Kwa posta kuu ya Mombasa msimbo ni 80100. Kikundi kisicho na sanduku lake huazima la msikiti, la kanisa, la shule au la mwanachama, na hilo huandikwa wazi kwa kutanguliza "kwa mkono wa" fulani. Chini ya anwani hiyo huja tarehe. Iandike kwa maneno, "12 Mei 2025", kwa sababu "5/12/2025" mmoja ataisoma Mei na mwingine Desemba. Mwezi uwe kwa Kiswahili. Nimeona barua nzuri za Kiswahili zenye jina la mwezi la Kiingereza juu yake, na jicho la msomaji hukwama hapo hapo.

Upande wa kushoto, chini kidogo, ni anwani ya mwandikiwa, ikianza na cheo. Barua inakwenda kwa cheo, maana afisa akihamishwa leo, atakayekuja kesho ataipokea. Halafu salamu ya kumwita, halafu mada.

Mada huanza na KUH: au YAH:. Zote mbili ni sahihi, moja ikitokana na "kuhusu" na nyingine na "yahusu". Chagua moja. Usiziandike zote, wala usiandike "KUH: KUHUSU MTARO", kosa ambalo nalikuta kila mwezi. Mada isiwe sentensi nzima, isimalizwe na nukta, na iseme aina ya jambo: je, ni ombi, lalamiko, mwaliko au taarifa? "SHIDA YA MTARO" haimwambii afisa afanye nini. "OMBI LA KUZIBULIWA KWA MTARO WA MAJI YA MVUA" inamwambia.

Baada ya mada watu wengi hupenda kuanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mimi huikata. Msomaji ametoka kuisoma mada sekunde ile. Tena kichwa cha habari ni cha gazeti.

Chini kabisa kuna tamati, sahihi, jina kamili, cheo na nambari ya simu. Tamati ina hesabu yake ambayo wengi hawaiangalii. "Wako mwaminifu" ni mwandishi mmoja kwa msomaji mmoja. Ukiandikia kamati, "wako" inageuka "wenu": "Wenu mwaminifu". Na waandishi wakiwa wengi na wote watatia sahihi, ni "Wako waaminifu". Kijana wetu alikuwa anatia sahihi peke yake kama katibu, anamwandikia afisa mmoja, kwa hiyo "Wako mwaminifu", na chini ya jina lake "Katibu, kwa niaba ya kikundi". Barua yake ilikuwa imemalizika na "Vijana wa mtaa". Afisa akitaka kupiga simu, atampigia nani?

Tatu: unamwita nani, na kwa jina gani la heshima

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sisi watu wa pwani heshima tunayo ya kutosha, na mara nyingi tunaipeleka barua ikiwa na heshima ya nyumbani mahali panapotaka heshima ya ofisini.

"Mheshimiwa bosi" ni heshima mbili zinazopigana. "Bosi" ni neno la barazani na la kazini, watu wawili wakitaniana au mmoja akimlainisha mwingine. "Mheshimiwa" nalo, kwa desturi yetu Kenya, ni la aliyechaguliwa au mwenye kiti cha hukumu: gavana, mbunge, mwakilishi wa wadi, hakimu, kadhi. Barua hii ilikuwa inakwenda kwa Msimamizi wa Wadi, ambaye ni mtumishi wa umma aliyeajiriwa. Ukimwita Mheshimiwa hatakasirika, lakini atajua kwamba humtofautishi na mwakilishi wa wadi, na nakala ya barua ilikuwa inakwenda kwa huyo mwakilishi. "Kwa Bwana Msimamizi" inatosha na imetimia.

Kama ni mwanamke, andika "Kwa Bi. Msimamizi". Kuwa mwangalifu na "Bibi". Wenye kuzoea barua za zamani bado huliandika, lakini mjini Mombasa neno hilo likitajwa, wengi husikia mke au nyanya. "Bi." halimuulizi mtu kama ameolewa wala halimwongezei umri. Kama hujui ni mwanamume au mwanamke, uliza. Simu moja au swali kwa askari wa langoni linatosha. Ukishindwa kabisa, "Kwa Bwana/Bi." inakubalika, ingawa inaonyesha hukuuliza.

Vipi kuhusu Maalim, Sharifu, Sheikh, Ustadhi? Haya yatumie unapomwandikia mtu kwa nafasi hiyo. Barua kwa mwalimu mkuu wa madrasa huanza vizuri na "Kwa Maalim", na baada yake "Assalaam aleykum" ina mahali pake. Lakini kama Maalim huyo huyo ni afisa wa elimu na unamwandikia kuhusu kazi ya ofisi, mwite kwa cheo cha ofisi. Mzee, Mama, Mjomba na Ami ni ya nyumbani na mtaani. Hata kama msimamizi ni jirani yako na humwamkia kila asubuhi, barua hii itawekwa katika faili na kusomwa na watu wasiokujua.

Ndiyo sababu "Shikamoo" ilitoka. Kijana alisita. "Lakini ni mkubwa kwangu kwa umri, mwalimu." Kweli, na akimkuta ofisini amwamkie hivyo hivyo. Ila karatasi haiwezi kuitikia marahaba. "Natumai u mzima" nayo ni ya barua ya kirafiki. Katika barua rasmi, heshima ya mwanzo ni kumwita mtu kwa cheo chake sawasawa na kuingia katika jambo bila kumpotezea wakati.

Baada ya salamu, kagua vitenzi. Kiswahili hubeba adabu ndani ya kitenzi. "Tunataka mkuje mzibue" ni amri, na kwa sikio la Mombasa "nataka" kwa mtu usiyemzoea ni ukavu. "Tunaomba" ndilo neno. Halafu angalia unamwomba nani: "tunaiomba ofisi yako izibue mtaro" ni bora kuliko "tunakuomba uzibue mtaro", kwa kuwa si yeye atakayeshika sepetu. Na utaona "mkuje" inamgeuza mtu mmoja kuwa wengi. Barua nzima ilikuwa inarukaruka kati ya "u mzima" na "mkuje". Chagua msomaji mmoja umshike hadi mwisho.

Upande wa pili kuna unyenyekevu uliopita kiasi. Nimewahi kuletewa barua za "sisi wanyonge wako tunapiga magoti mbele ya ofisi yako tukufu". Huyu ni mwananchi anayeomba huduma ambayo ofisi iliwekwa kuitoa. Hapigi magoti. Maneno kama hayo humwaibisha anayeandika na anayesoma, na ninayafuta bila kuuliza.

Kitisho je? "La sivyo tutajua la kufanya" kilitokana na uchungu wa kuambiwa mngoje na kungojeshwa. Uchungu ule nikautafutia nafasi yake: tarehe. "Tungeshukuru kupata jibu kabla ya tarehe 23 Mei 2025." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kitisho, maana siku hiyo ikipita una haki ya kuandika barua ya pili ukiitaja ya kwanza.

Nne: Sheng inavyojipenyeza

Neno kama "kanjo" ni rahisi kulikamata. Mtu yeyote ataliona. Lilitokana na lile baraza la mji la zamani, na limeishi kuliko baraza lenyewe, kwani tangu 2013 tuna serikali za kaunti. Andika "maafisa wa kaunti", au bora zaidi, taja ofisi mliyofika. Vivyo hivyo "watatucheki" ni "watatujulisha".

Yanayoponyoka ni yale madogo, yasiyoonekana kama Sheng kwa sababu kila silabi yake ni ya Kiswahili. Nilimpa kijana kalamu nyekundu tukapita pamoja.

"Venye mvua inanyeshanga." Katika Kiswahili sanifu kuna "vyenye", lakini ni ya kuonyesha umiliki: vikombe vyenye nyufa, vyumba vyenye madirisha. Mtaani "venye" imekuwa "jinsi", "wakati", "kwa kuwa", chochote. Ukiikuta, jiulize mwandishi alikusudia lipi. Hapa ni wakati: "kila mvua inaponyesha". Ile "-nga" ya mwishoni, ya "inanyeshanga" na "tunaendanga", inaonyesha jambo la mazoea, na Kiswahili sanifu kina "hu-" kwa kazi hiyo: "maji huingia". Kumbuka "hu-" haichukui kiambishi cha mtenda mbele yake. Si "maji yahuingia".

"Tuko na shida." Sanifu ni "tuna shida". Lakini usiende kwenye tarakilishi ukafuta kila "tuko" kwa mkupuo, kwa sababu "tuko tayari" na "tuko Kisauni" ni sahihi kabisa. Kinachokosewa ni "-ko na" kwa maana ya kumiliki.

"Juu ndia haipitiki." "Juu" ni mahali. Sababu ni "kwa sababu" au "kwa kuwa". "Mkuje" ni "mje", kama tusemavyo "mle" na "mfe", kitenzi kifupi kikiacha "ku" yake.

"Hiyo maji" na "hiyo mtaro". Hapa lugha ya mtaani huficha kosa la upatanisho. Kwa kuwa mtaani "hiyo" inabeba kila kitu, mwandishi hasikii tena kwamba maji ni "hayo" na mtaro ni "huo". Kwa hiyo kila ukiondoa neno la mtaani, rudi usome sentensi nzima, kwani upatanisho wake pia huwa umelegea. Na kionyeshi kikae baada ya nomino: maji hayo, mtaro huo.

Halafu kuna neno ambalo kijana hakuliona kabisa, na ndilo lililonihangaisha zaidi: "eti". Si Sheng, ni Kiswahili safi. Lakini "wakatuambia tu eti watatujulisha" linamwambia afisa: hatukuwaamini, na tunadhani mlitudanganya. Silabi mbili zimemwita mtu mwongo. "Tu" nayo inaongeza dharau. Andika "tulielezwa kwamba tutajulishwa", halafu "hadi leo hatujapata taarifa". Lalamiko limebaki lote, bila tusi.

Mwisho kuna Kiingereza kilichovaa kanzu. "Sisi kama vijana" ni cha kufasiri. Kiswahili husema "sisi vijana". "Haraka iwezekanavyo" nayo imezoeleka hata redioni, lakini ukiwa na tarehe huihitaji.

Maneno yasiyostahili kufutwa

Kuna mkaguzi mwenye bidii anayefuta hadi visivyo na kosa. Matatu, bodaboda, tuktuk, madrasa: haya ndiyo majina ya vitu hivyo, hayana mengine ambayo afisa atayaelewa vizuri zaidi. Yaache. "Fomu" na "ripoti" pia. Kipimo changu ni swali moja: kuna neno la Kiswahili ambalo msomaji huyu angelitumia mwenyewe akiandika? Kama lipo, kama "nakala" badala ya "kopi", litumie. Kama halipo, usimtafutie neno la kamusi.

Mwenzangu mmoja aliwahi kubadilisha "mtaro" katika barua ya mtu akaweka "mfereji", akiona ni zuri zaidi. Hapa Mombasa maji ya mfereji ni ya bombani. Barua ilirudi na maelezo kwamba masuala ya maji yapelekwe kwa wanaohusika na maji. Neno lilikuwa zuri, ila liliipeleka barua kwenye meza isiyokuwa yake.

Na sasa "ndia". Nilipoipigia mstari, kijana alicheka akasema, "Hiyo ni Sheng ya nyanya yangu." Nikamkatiza. Si Sheng. Ni Kimvita, lahaja ya mji huu, ambamo penye "nj" na "nch" za sanifu mara nyingi utasikia "nd" na "nt": ndia kwa njia, ndaa kwa njaa, nti kwa nchi. Ukumbuke pia kwamba mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na Kimvita kilikuwa miongoni mwa lahaja zilizopendekezwa. Tunaandika "njia" katika barua rasmi kwa sababu ndiyo makubaliano ya maandishi, si kwa sababu nyanya amekosea.

Kwa hiyo ninapokagua natumia alama mbili. Neno la mtaani nalizungushia duara. La Kimvita nalipigia mstari chini, na kwa mtu mzima namwambia tu, "hili tuliandike kwa sanifu", wala simwambii amekosea. Kama ni maneno ya shahidi yaliyonukuliwa, yabaki kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Na majina ya mahali hayaguswi. Ndia Kuu, ule mtaa wa Mji wa Kale, ni Ndia Kuu hata katika barua rasmi kuliko zote. Nimewahi kuona mtu ameusahihisha kuwa Njia Kuu, na tarishi atatafuta barabara kuu ya lami.

Barua baada ya kukaguliwa

Majina na nambari nimeziacha wazi.

> Kikundi cha Vijana wa ______,
> S.L.P. ______ – 80100,
> Mombasa.
>
> 12 Mei 2025
>
> Msimamizi wa Wadi,
> Wadi ya ______,
> S.L.P. ______ – 80100,
> Mombasa.
>
> Kwa Bwana Msimamizi,
>
> KUH: OMBI LA KUZIBULIWA KWA MTARO WA MAJI YA MVUA
>
> Sisi vijana wa mtaa wa ______ tunaiomba ofisi yako izibue mtaro wa maji ya mvua unaopita kati ya madrasa na shule ya msingi. Mtaro huo umejaa mchanga na takataka kwa urefu wa hatua 80 hivi.
>
> Tangu tarehe 22 Aprili 2025, kila mvua inaponyesha maji hufurika na kuingia katika nyumba 14 na katika darasa moja la madrasa. Njia ya kutokea barabarani haipitiki, na wazee wanaoishi upande wa chini hushindwa kwenda zahanati.
>
> Tarehe 28 Aprili 2025 wawakilishi wetu wawili walifika katika ofisi ya wadi, wakaelezwa kwamba tutajulishwa siku ya kazi hiyo. Hadi leo hatujapata taarifa.
>
> Vijana 20 wa kikundi chetu wako tayari kuzoa takataka. Tunachokosa ni gari la kuzibeba. Tungeshukuru kupata jibu kabla ya tarehe 23 Mei 2025 kupitia nambari ya simu iliyo hapa chini.
>
> Wako mwaminifu,
>
> (sahihi)
>
> ______
> Katibu, kwa niaba ya kikundi
> Simu: ______
>
> Viambatisho: Picha 3 za mtaro
>
> Nakala: Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi

Aya ya mwisho haikuwamo katika barua ya kwanza. Ilitoka kinywani mwa kijana nilipomuuliza wao wenyewe wanaweza kufanya nini. Haikuzuiwa na aibu wala lugha. Hakujua tu kwamba jambo kama hilo huandikwa.

Kabla haijatoka

Ichape kwenye karatasi uisome hapo, maana kioo cha simu huficha makosa, hasa nafasi mbili kati ya maneno na sahihi iliyohamia ukurasa wa pili peke yake. Tazama simu haijakusahihishia "hayo" ikaifanya "hao". Linganisha kila tarehe na kila tarakimu na yale uliyoyaandika pembeni. Kisha mpe mtu asiyehusika aisome mara moja, umuulize barua inaomba nini. Mimi nilimwita muuza kahawa aliyekuwa anapita na dele lake. Alisoma, akasema, "Wanataka gari la taka na mtaro uzibuliwe, na wajibiwe kabla ya tarehe 23." Basi.

Tulitoa nakala tatu: ya msimamizi, ya mwakilishi, na ya kikundi. Kijana akatia sahihi juu ya jina lake, kwa kalamu ya wino wa bluu ili ya asili itofautike na nakala. Nikamwagiza ile ya kikundi aende nayo ofisini, aombe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na airudishe nyumbani kwenye faili. Alirudi saa nane mchana, suruali imelowa hadi magotini, muhuri ukiwa juu kulia.